Skrini ya Manjano Usiku: Inayapunguzia Macho Mzigo Gani, na Upi Haiugusi

Swichi inayoifanya skrini iwe ya manjano jioni ina majina mengi. Kwenye simu za Apple inaitwa Night Shift na iliingia mwaka 2016. Windows 10 ilipata Night light mwaka 2017, na simu nyingi za Android zina Night Light au jina la jamii hiyo. Kabla ya zote kulikuwa na f.lux, programu ndogo ya kompyuta ambayo Michael na Lorna Herf waliitoa mwaka 2009. Leo swichi hii iko karibu kila mahali, na watu huiwasha kwa matumaini mawili ambayo mara nyingi huchanganywa: kwamba itawasaidia kulala, na kwamba itayapumzisha macho yanayowaka na kuuma baada ya saa nyingi mbele ya kioo.

Matumaini hayo mawili yanapita njia tofauti mwilini. La usingizi linahusu saa ya mwili, na nitaligusa kwa ufupi. La macho kuchoka ndilo nataka tulifuatilie kwa undani, kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanaona nafuu ya kweli kisha wanaipa sababu isiyo yake, na kwa kuipa sababu isiyo yake wanaacha kutumia dawa iliyo bora zaidi na ambayo tayari wanayo mkononi.

Tuanze ndani ya mashine. Halijoto ya rangi hupimwa kwa kelvini, na namba zake huwachanganya wengi kwa kuwa zinaonekana kwenda kinyume. Chuma kikipashwa moto huanza kuwaka chekundu, kikizidi joto huwa cha manjano, kisha cheupe, na kama kingeweza kupashwa zaidi bila kuyeyuka mwanga wake ungeelekea bluu. Kwa hiyo kelvini chache ni mwanga wa manjano na wekundu, kelvini nyingi ni mwanga wa kibluu. Balbu ya zamani ya waya hutoa mwanga wa kelvini 2700 hivi. Weupe wa kawaida wa skrini umewekwa karibu na kelvini 6500, ambao ni weupe wa mchana. Ukiwasha hali ya usiku, skrini inashushwa kutoka hiyo 6500 hadi 4000, 3500, au chini zaidi.

Skrini haina taa ya manjano ya kuwasha. Kila pikseli ina vipande vitatu tu: chekundu, kijani na bluu. Njia pekee ya kuifanya iwe ya manjano ni kuacha nyekundu ilivyo na kupunguza kijani kidogo na bluu sana. Programu hufanya hivyo mwishoni kabisa mwa safari ya picha, pale kadi ya picha inapotuma namba kwenye kioo. Ndiyo maana ukipiga picha ya skrini huku hali ya usiku imewashwa, kwa kawaida picha hiyo hutoka nyeupe kama mchana: umanjano haumo kwenye picha, umo kwenye njia ya kutokea.

Hapa kuna hesabu ambayo inafaa kufanywa mara moja kwa ukamilifu, kwani inafungua mambo mengi. Nachukua Redshift, programu ya Linux inayofanya kazi hii, kwa sababu jedwali lake la namba liko wazi kwa kila mtu. Kwa kelvini 3500, Redshift inaacha nyekundu ikiwa 1, inazidisha kijani kwa 0.78, na bluu kwa 0.546. Nyeupe ambayo ilikuwa 255 kwa kila rangi sasa ni 255 nyekundu, 199 kijani na 139 bluu. Ukiishia hapo utadhani bluu imebaki zaidi ya nusu. Lakini namba hizo ni ishara tu, siyo kiasi cha mwanga. Skrini hugeuza ishara kuwa mwanga kwa kuipandisha kwa kipeo cha 2.2 hivi, na hivyo 0.546 ya ishara huwa karibu 0.26 ya mwanga, na 0.78 huwa karibu 0.58. Kwa maneno mengine, mwanga wa bluu umeshuka hadi robo ya ulivyokuwa, na wa kijani umepoteza zaidi ya theluthi moja.

Sasa, jicho halioni rangi hizi tatu kuwa na mwangaza sawa. Katika weupe wa kawaida wa skrini, asilimia 71.5 ya mwangaza tunaouona inatoka kwenye kijani, asilimia 21.3 kwenye nyekundu, na bluu inachangia asilimia 7.2 tu. Ukijumlisha upya baada ya kushusha rangi hadi kelvini 3500, unapata nyekundu 0.213, kijani karibu 0.414, bluu karibu 0.019. Jumla ni 0.646. Skrini imepoteza zaidi ya theluthi ya mwangaza wake, ingawa mtumiaji hakugusa kitelezi cha mwangaza hata kidogo. Sehemu kubwa ya upungufu huo imetoka kwenye kijani, rangi ambayo hakuna anayeitaja katika mazungumzo haya, na siyo kwenye bluu inayolaumiwa na kila mtu.

Huo ndio mzizi wa mkanganyiko. Mtu amekaa chumbani usiku, taa hafifu au hakuna, mbele yake ukurasa mweupe unaong'aa. Anawasha hali ya usiku na mara moja anahisi macho yamelegea. Anasema, bluu ndiyo ilikuwa inaniumiza. Lakini katika kitendo kimoja amebadilisha mambo mawili, rangi na mwangaza, na hana njia ya kujua ni lipi kati ya hayo lililomsaidia.

Njia ya kujua ipo, na ni rahisi. Kwenye Linux yenye Redshift (inayofanya kazi chini ya mfumo wa kuonyesha wa Xorg, siyo wa Wayland), tengeneza hali mbili zenye mwangaza ulio sawa lakini rangi tofauti:

```
redshift -P -O 3500
redshift -P -O 6500 -b 0.82
redshift -x
```

Amri ya kwanza inaleta umanjano wa kelvini 3500. Ya pili inaacha rangi ya kawaida lakini inazidisha ishara za rangi zote kwa 0.82, na 0.82 ikipandishwa kwa kipeo cha 2.2 inatoa 0.646, mwangaza uleule tuliohesabu. Ya tatu inarudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Soma kwa nusu saa kwa hali moja jioni moja, na nusu saa kwa hali nyingine jioni inayofuata, katika chumba kilekile na taa ileile. Ikiwa nafuu ni ileile, basi kilichokusaidia ni kupungua kwa mwanga. Kwenye simu huwezi kupata usawa kamili namna hiyo, lakini unaweza kuukaribia: zima hali ya usiku, kisha shusha mwangaza mpaka ukurasa mweupe uonekane umetulia kama ulivyokuwa chini ya umanjano.

Sidai kwamba rangi yenyewe haina mchango wowote. Inao, na ni haki kuutaja. Mwanga wa mawimbi mafupi, yaani ule wa bluu, hutawanyika zaidi ndani ya jicho, hasa jicho ambalo lenzi yake imeanza kupata ukungu wa mtoto wa jicho. Kwa mtu wa namna hiyo, mng'ao wa kibluu unasumbua kuliko wa manjano hata kama vyote vina mwangaza mmoja. Pia bluu hukusanyika mbele kidogo ya mahali zinapokusanyika nyekundu na kijani, kwa hiyo maandishi ya bluu kali huonekana na kingo zisizotulia. Na kuna jambo la kulingana na chumba. Ukiwa chini ya taa ya manjano, macho yako yamekwisha kuzoea umanjano huo kiasi kwamba karatasi inaonekana nyeupe. Skrini ya kelvini 6500 katikati ya mazingira hayo inaonekana ya kibluu na ya kigeni. Ukiishusha ikaribie rangi ya taa, skrini na chumba vinakuwa kitu kimoja, na wengi hupenda hali hiyo. Mimi naona hii ndiyo sababu nzuri kuliko zote ya kutumia hali ya usiku: kufananisha kioo na taa iliyopo. Kwa sababu hiyo hiyo, kuiwasha katika chumba chenye taa nyeupe za mchana hakuna maana sana.

Sasa twende kwenye jicho lenyewe. Macho yanapochoka kwa skrini, malalamiko huwa ya aina chache: kuwaka au kuhisi kama kuna mchanga, ukungu unaokuja na kuondoka, uzito nyuma ya jicho, na maumivu ya kichwa juu ya nyusi. Karibu yote yanatokana na mambo mawili, machozi na misuli, na hakuna hata moja kati ya hayo mawili linalojua skrini ina kelvini ngapi.

Machozi kwanza. Mtu aliyetulia akizungumza hupepesa macho mara 15 hadi 20 kwa dakika. Akikazia macho skrini, idadi hiyo hushuka mara nyingi hadi theluthi yake, na hata anapopepesa, kope la juu mara kwa mara haliteremki hadi chini. Kila kupepesa hutandaza upya utando mwembamba wa machozi juu ya jicho. Usipotandazwa kwa wakati, unakatikakatika, na jicho linabaki wazi kwa hewa. Hapo ndipo kuwaka kunapoanza, na pia ukungu ule unaotoweka ukipepesa mara mbili tatu, kwa kuwa utando wa machozi ndio uso wa kwanza ambao mwanga hupitia kuingia jichoni na ukiharibika picha nayo inaharibika. Kinachopunguza kupepesa ni ukali wa umakini na ugumu wa kazi. Ukurasa wa manjano wenye maandishi madogo unakausha macho sawasawa na ukurasa mweupe wenye maandishi hayohayo.

Misuli nayo ina hesabu yake. Ili kuona kitu cha karibu, msuli ulio ndani ya jicho hukaza ili lenzi inenepe, na kazi hiyo hupimwa kwa dayopta: gawanya 1 kwa umbali katika mita. Skrini ya kompyuta iliyo sentimita 60 inadai dayopta 1.7. Simu iliyo sentimita 40 inadai 2.5. Simu hiyo ikisogezwa hadi sentimita 30, kama wengi wafanyavyo wakiwa wamelala ubavu, inadai 3.3, na wakati huohuo macho yote mawili hulazimika kugeukia ndani zaidi. Mtoto wa miaka 10 ana akiba ya zaidi ya dayopta 10, hivyo haoni taabu kwa muda mrefu. Mtu wa katikati ya miaka ya arobaini mara nyingi amebakiwa na karibu dayopta 4. Wataalamu wa macho huhesabu kwamba mtu husoma kwa raha ikiwa anatumia nusu ya akiba yake au chini ya hapo. Mtu mwenye akiba ya 4 anayesoma simu kwa sentimita 30 anatumia zaidi ya robo tatu yake, dakika baada ya dakika. Ataumwa kichwa hata skrini ikiwa ya rangi gani.

Chukua mtu huyo tumfuate jioni moja. Ana miaka 46, hajawahi kuvaa miwani, na kila usiku saa tatu macho yanakuwa mazito na akiinua uso kutazama ukutani huona ukungu kwa sekunde kadhaa. Amewasha hali ya usiku na kuivuta hadi mwisho, skrini imekuwa ya chungwa kabisa. Mwanzoni alihisi nafuu, sasa hapana. Kilichotokea kinaelezeka. Skrini iliyovutwa hadi mwisho imepoteza mwanga mwingi, na katika chumba cha giza mboni zake zimepanuka. Mboni ikipanuka, kina cha uonekano wazi hupungua, kama lenzi ya kamera iliyofunguliwa, na kasoro ndogo za jicho zilizofichwa na mboni ndogo sasa zinaonekana. Herufi zinapoteza ukali. Anaisogeza simu karibu ili aone vizuri, kutoka sentimita 40 hadi 30, na mzigo wa msuli unapanda kutoka dayopta 2.5 hadi 3.3. Hatua aliyoichukua kupunguza uchovu imemwongezea.

Dalili yake yenyewe ilikuwa inasema tatizo liko wapi. Ukungu unaokuja ukitoa macho kwenye skrini na kutazama mbali ni alama ya msuli uliokaza na unaochelewa kulegea. Kuwaka na hisia ya mchanga kunaonyesha ukavu. Kukereka papo hapo pale ukurasa mweupe unapofunguka, na kutulia ukigeuza uso, ni alama ya mwanga kupita kiasi. Hiyo ya mwisho tu ndiyo hali ya usiku inaweza kuigusa, na yeye hakuwa nayo. Anachohitaji ni taa iwashwe chumbani, maandishi yakuzwe ili simu irudi sentimita 40 au zaidi, na kwa umri wake, kupimwa macho kwa ajili ya miwani ya kusomea.

Utafiti unasema nini? Sehemu kubwa ya majaribio imefanywa kwa miwani inayochuja bluu, siyo kwa mipangilio ya skrini. Jaribio moja lililochapishwa mwaka 2021 lilichukua watu 120 wenye malalamiko ya macho, likawapa baadhi miwani ya kuchuja bluu na wengine lenzi za kawaida, wakafanya kazi ya kompyuta kwa saa mbili. Uchovu wa macho haukutofautiana kati ya makundi. Mwaka 2023 Cochrane, mtandao unaokusanya na kupima tafiti za tiba, ulichapisha mapitio ya majaribio 17 ya miwani hiyo na kuona kwamba, kwa muda mfupi, huenda haipunguzi uchovu wa macho ikilinganishwa na lenzi za kawaida. Lakini inafaa kuwa mwangalifu kabla ya kuhamisha matokeo hayo moja kwa moja. Miwani ya aina hiyo mara nyingi huchuja asilimia 10 hadi 25 tu ya bluu, na haipunguzi mwangaza kwa kiasi cha kuonekana. Kelvini 3500 kwenye skrini huondoa karibu asilimia 74 ya bluu na theluthi ya mwangaza. Ni vitu viwili tofauti. Kile ambacho majaribio yanaonyesha vizuri ni kwamba kuondoa bluu kidogo, peke yake, mwangaza ukibaki ulivyo, hakuyapumzishi macho. Na hilo linaafikiana na hesabu ya msuli na machozi.

Kuhusu usingizi, wazo la msingi ni la kweli. Mwaka 2002 wanasayansi walionyesha kwamba ndani ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, kuna seli chache ambazo zenyewe huhisi mwanga na kuipelekea saa ya mwili taarifa kwamba ni mchana. Protini iliyomo ndani yake, melanopsini, huitika zaidi kwa mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 480 hivi, rangi ya bluu inayoelekea kijani. Mwanga huo jioni hukandamiza melatonini, homoni ya usiku. Lakini 480 ni kilele tu. Mwitikio unaenea hadi ndani ya kijani, na kijani kwenye skrini ya kelvini 3500 bado ipo kwa asilimia 58. Kwa hiyo umanjano unapunguza ishara hiyo, hauizimi. Watafiti wa Taasisi ya Rensselaer huko Marekani waliipima Night Shift kwenye aipadi na hawakuona tofauti ya maana katika kukandamizwa kwa melatonini kati ya mpangilio wake wa kibluu na wa manjano. Utafiti mwingine wa 2021, uliofanywa na Chuo Kikuu cha Brigham Young kwa vijana 167, ulilinganisha waliotumia simu na Night Shift, waliotumia bila hiyo, na wasioshika simu kabisa kabla ya kulala. Kwa ujumla makundi matatu hayakutofautiana katika usingizi.

Ukiweka mambo haya pamoja, kitelezi cha mwangaza kinaonekana kuwa na nguvu kuliko cha rangi, na si kwa tofauti ndogo. Hali ya usiku ya kelvini 3500 inashusha mwangaza kwa theluthi na bluu kwa robo tatu. Mwangaza wa skrini hupimwa kwa niti, na simu ya kawaida inaweza kutoa niti 500 ikiwa juu kabisa na chini ya 10 ikiwa chini. Ukiitoa kwenye 500 ukaiweka kwenye 25, umegawanya mwanga wote kwa 20: bluu, kijani na nyekundu kwa pamoja. Hakuna umanjano wa kusomeka unaofika huko. Ndiyo maana nasema hali ya usiku juu ya skrini iliyowashwa kwa nguvu zote ni kazi bure, na skrini iliyopunguzwa mwangaza vizuri haihitaji sana umanjano.

Kiasi gani kinatosha? Kuna kipimo kisichohitaji chombo. Shika karatasi nyeupe pembeni ya skrini, iangaziwe na taa ileile ya chumba, kisha fungua ukurasa mweupe. Ukurasa ukionekana kama taa kando ya karatasi, mwangaza umezidi. Ukionekana wa kijivu, umepungua na utaanza kuinama mbele ili usome. Unatafuta pale vinapokaribia kufanana. Ikiwa chumba ni cheusi na hakuna mwanga wa kuiangazia karatasi, jibu lenyewe limepatikana: washa taa ndogo, ikiwezekana nyuma au pembeni ya skrini na isiyoakisi kwenye kioo. Tofauti kubwa kati ya skrini inayong'aa na giza lililoizunguka ni mzigo wa kweli kwa macho, na inaondolewa kutoka upande wa chumba kwa urahisi kuliko kutoka upande wa skrini.

Kushusha mwangaza nako kuna mtego wake, na unawapata zaidi wenye skrini za OLED, zile ambazo kila pikseli hutoa mwanga wake yenyewe. Nyingi kati ya hizo, zikishushwa mwangaza, hazitoi mwanga dhaifu unaoendelea, bali huwaka na kuzimika kwa kasi, mara nyingi karibu 240 kwa sekunde, na kadiri unavyoshusha ndivyo muda wa kuzimika unavyorefuka. Watu wengi hawahisi chochote. Wachache hupata maumivu ya kichwa au kichefuchefu, na hao mara nyingi hushangaa kwa nini simu inawasumbua zaidi usiku inapokuwa na mwanga mdogo. Umanjano hausaidii hapa, kwa kuwa unabadilisha namba za rangi tu, si namna taa inavyowashwa. Ili kujua, chukua simu nyingine, weka kamera yake kwenye hali ya kujipangia na kasi ya kufunga iwe 1/2000 ya sekunde, kisha itazame skrini yako kupitia kamera hiyo. Ukiona mistari minene myeusi inayotembea pale mwangaza uliposhushwa, na inapungua ukiupandisha, skrini yako inapepesa. Dawa yake ni kuuacha mwangaza wa kawaida juu kidogo kisha kupunguza kwa programu: Android ina Extra dim tangu toleo la 12, na aifoni ina Reduce White Point katika mipangilio ya Accessibility. Hizo hupunguza namba za pikseli bila kuongeza muda wa kuzimika.

Kuna gharama moja ya umanjano inayowahusu wanaofanya kazi ya rangi na wanaosoma maandishi ya rangi. Picha iliyorekebishwa skrini ikiwa kwenye kelvini 3500 itaonekana ya kibluu ikifunguliwa mchana, kwani macho yalikuwa yakifidia umanjano na mkono ukaongeza bluu pasipo kujua. Zima kabisa kabla ya kugusa rangi, na yape macho dakika kadhaa yarudi. Kwa wasomaji, shida ni maandishi ya bluu juu ya usuli mweusi, kama viungo na maneno maalumu katika mazingira mengi ya kuandikia programu. Bluu tangu mwanzo ilikuwa na asilimia 7 tu ya mwangaza. Ikibaki na robo ya hiyo, maneno yanazama gizani, na msomaji anakaza macho kuyafuata. Ikiwa unatumia usuli mweusi usiku, badilisha bluu hiyo iwe ya samawati iliyochanganyika na kijani, au acha skrini karibu na kelvini 5000.

Na ikiwa umeshawasha taa, umeshusha mwangaza, umekuza maandishi, umesogeza skrini na unakumbuka kupepesa kikamilifu, lakini macho bado yanauma kila jioni, kuendelea kuvuta kitelezi cha rangi hakutaongeza kitu. Sababu zilizobaki ni zile ambazo mpima macho anaweza kuziona kwa dakika chache: miwani isiyolingana tena na jicho, akiba ya msuli iliyopungua kwa umri, macho mawili yasiyokutana vizuri kwa karibu, au tezi za ukingo wa kope zilizoziba na kuyanyima machozi mafuta yake. Mwambie unasoma kwa umbali gani na kwa saa ngapi, maana lenzi ya kusomea karatasi kwa sentimita 40 si ile ya skrini iliyo sentimita 60.